Tindo Kati ya Ndoo na Gunia

Fuawe, lile pande la chuma la kugongea vyuma vya moto, ilikuwa imeshapakiwa, na gari la farasi lilikuwa limeshaanza kuteremka kuelekea barabara kuu ya Dessie, tulipomsikia mtu anatuita kwa nyuma. Tulikuwa tunahama. Wondirad Tessema, mhunzi, alikuwa anaacha tanuri la uani kwake, alilofanyia kazi baba yake na babu yake, na kwenda kwenye banda jipya ambalo manispaa ilimpa pembeni mwa mji wa Debre Birhan. Banda la mabati, lina umeme, lina mlango unaoweza kupitisha lori. Mimi nilikuwa natembea nyuma ya gari na gunia la makoleo begani. Kazi yangu kwake ilikuwa kuzungusha feni ya tanuri, kubeba, na kunyamaza.

"Gashe! Gashe Wondirad! Simama kidogo!"

Gashe ni namna ya kumwita mwanamume aliyekuzidi umri huku ukimheshimu. Aliyeita alikuwa msichana mwembamba, amevaa koti la sufu linalomzidi na viatu vya raba, anakimbia huku ameshika bahasha juu kama tikiti ya basi.

"Simamisha," Wondirad akamwambia mwenye farasi.

"Nikisimama kwenye mteremko huu, fuawe yako itatangulia Dessie peke yake," mwenye farasi akajibu. "Ongeeni mkitembea."

Basi tukaongea tukitembea. Msichana akatoa bahasha kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Wondirad aliona muhuri wa mviringo wa rangi ya zambarau na uso ukamshuka.

"Kodi tena?"

"Hapana, Gashe. Ni ombi tu."

Miwani ya Wondirad ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku pamoja na feni, kwa hiyo barua nikapewa mimi. Sikusoma sana maishani, darasa moja hapa, jingine nchi nyingine, lakini maandishi yao niliyajua kwa kusoma vibao vya barabarani. Nikasoma kwa sauti, nikijikwaa kwenye mawe na kwenye maneno.

*Kwa Bwana Wondirad Tessema, mwenye karakana ya zana za chuma. Yahusu: kuomba ruhusa ya kuangalia kazi.*

*Mimi, Rediet Kassaye, ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo. Mradi wangu ni juu ya namna zana za kuchongea mawe zinavyofanywa ngumu kwa moto na maji. Mwalimu wangu alinipa vitabu na nimevisoma. Lakini wachonga mawe wanaotandika barabara za mji huu wameniambia kwamba tindo za kiwandani hazimalizi siku mbili kwenye jiwe jeusi, na tindo zako zinamaliza wiki mbili. Nimeangalia katika vitabu vyote sikuona sababu.*

*Kwa hiyo naomba kwa heshima uniruhusu kukaa katika karakana yako siku kumi na mbili, niangalie tu. Sitagusa kitu bila kuambiwa. Sitauliza swali wakati chuma kiko motoni. Ukiona nakusumbua, niambie nitoke na nitatoka.*

Halafu sahihi yake, sahihi ya mwalimu, na ule muhuri.

Wondirad alitembea hatua kama ishirini. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka farasi akageuza sikio.

"Umesikia, we mhamiaji?" aliniambia. "Miaka hamsini na tatu watu wa mji huu wananiomba nisiwaangalie. Nikipita wanaficha sahani. Nikimsifu mtoto, mama yake anatema mate. Leo huyu anaandika barua, anapiga muhuri, anaomba aniangalie mimi!"

Ndivyo ilivyo huko, au ilivyokuwa. Mhunzi watu humwogopa macho. Husema akikuangalia ukila, chakula kitakugeukia tumboni. Hela yako ataipokea, jembe lako atalitengeneza, lakini harusini atakaa mwisho wa safu karibu na mlango. Wondirad alizoea, kama mtu anavyozoea mguu mfupi.

"Njoo kesho," alimwambia msichana. "Saa mbili. Na usivae hilo koti, litashika moto."

*

Alikuja saa moja na nusu, bila koti, anatetemeka. Baridi ya kule si mchezo. Akakaa juu ya kopo la rangi, daftari gotini, na kweli hakufungua mdomo.

Kazi yenyewe niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotukuta. Tindo za mawe tulizitengeneza kutoka springi za malori mabovu. Wondirad anakata kipande, anakipasha, anakifua kiwe mraba, ncha anaichonga bapa kwa nyundo. Kikishapoa anainoa kwenye jiwe. Hapo bado ni laini, ukigonga jiwe jeusi ncha inajikunja kama ulimi. Kwa hiyo anairudisha motoni, ile ncha tu na upana wa vidole vitatu juu yake, mpaka iwe nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nyekundu ya pilipili, si ya chungwa. Ikifika rangi ya chungwa ananigombeza mimi wa feni. Halafu anaitia ndoo ya maji. Maji hayawi baridi kabisa, kwanza anachovya chuma cha moto mara mbili yapate uvuguvugu. Ncha inapiga kelele, magamba meusi yanabanduka, na yeye anaishikilia humo mpaka inyamaze kabisa. Ikinyamaza anaitoa, ya kijivu, safi, na kuitupa kwenye gunia.

"Imekwisha," anasema.

Rediet aliandika yote. Alikuwa na kifaa alichoazima chuoni, waya mrefu wenye kisanduku kinachoonyesha nyuzi za joto, na Wondirad alipomruhusu aliusogeza kwenye chuma. Mara nane kati ya kumi, nyekundu ile ya pilipili ilitoka kati ya mia nane na kumi na mia nane na arobaini.

"Kitabu kinasema ngapi?" Wondirad akauliza, akijifanya hajali.

"Mia nane na thelathini, Gashe."

"Kitabu kimesoma kwangu," akasema, na siku ile akafua tindo sita zaidi ya kawaida.

Siku ya nne akaja Dagnachew. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha vijana arobaini waliokuwa wakichonga mawe na kuyatandika barabarani, jamaa mkubwa mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi. Alikuwa mteja wetu wa kwanza na karibu wa pekee. Aliingia na mfuko wa plastiki, akaumimina juu ya fuawe. Ncha zilizovunjika, kama meno.

"Gashe, hizi ni nini?"

Wondirad alichukua moja, akaigeuza mwangani.

"Mmepigia wapi? Kwenye reli?"

"Kwenye jiwe lile lile tunalopiga miaka mitatu. Tindo kumi na nane ulizonipa tangu uhamie hapa, kumi na tano zimevunjika siku ya kwanza. Kijana wangu mmoja kipande kimemruka kikamkata hapa, chini ya jicho kidogo tu."

"Nitaangalia."

"Angalia haraka. Lazima barabara ya sokoni iishe kabla ya Hosana, Jumapili ya matawi. Kuna mfanyabiashara ameleta maboksi ya tindo za kiwandani. Si nzuri, lakini zinajikunja, hazirukii watu machoni. Nakupa mpaka Ijumaa. Nikihamisha kikundi, Gashe, sitarudi, nakuambia ukweli."

Alipotoka, Wondirad alizikusanya zile ncha moja moja. Vijana arobaini ndio waliokuwa kazi yetu. Majembe watu walikuwa wananunua dukani siku hizi. Kikundi kikiondoka, Wondirad angekuwa na banda kubwa la manispaa na hakuna wa kumfulia kitu, na manispaa ingemnyang'anya hilo banda kabla ya mvua.

Akajaribu kila analolijua. Kwanza alilaumu springi, tukachukua za lori lingine. Zikavunjika. Akalaumu maji ya bomba, nikatumwa kuchota maji ya kisima cha zamani kule uani, madumu manne kwa punda. Zikavunjika. Akalaumu mkaa. Jumanne alileta maji ya baraka kutoka kanisani kwenye chupa ya soda na kuyamimina ndooni akinong'ona. Tindo ya kwanza iliyotoka humo aliipiga mwenyewe kwenye jiwe mlangoni, na ncha ikaruka mpaka kwenye paa. Tuliisikia ikigonga bati.

Akageuka polepole akamtazama Rediet juu ya kopo lake la rangi.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi, Gashe?"

"Baba yangu alifua, hazikuvunjika. Mimi nimefua miaka thelathini, hazikuvunjika. Umekaa hapo na macho yako makubwa, unakitazama chuma changu tangu asubuhi mpaka jioni, na sasa kila kitu kinavunjika. Una jicho, binti. Una jicho baya."

Nilitaka kucheka, nikaona hacheki. Mtu aliyeambiwa hivyo maisha yake yote, sasa anamwambia mwingine, na anaamini kabisa. Rediet alifunga daftari. Akasimama.

"Niliandika kwamba ukiniambia nitoke nitatoka," akasema. "Natoka. Lakini Gashe, naomba hivyo vipande. Na kama unayo tindo moja ya zamani, ya kule uani, ambayo haijauzwa."

"Chukua! Zitazame mpaka uchoke!"

Tindo ya zamani tulikuwa nayo moja, tuliyokuwa tunachochea mkaa kwa mpini wake. Nikampa mimi. Akaiweka puani, sijui kwa nini, mtu akipewa kitu kigeni hunusa.

"Hii inanuka shayiri," akasema.

"Nenda!" Wondirad akapiga kelele.

*

Mimi nilikuwa nimepanga chumba pale pale uani kwa Wondirad, pamoja na mkewe Askale, ambaye sote tulimwita Etete, kama mtu anavyomwita mama au dada mkubwa. Kesho yake, Jumatano, saa tisa hivi, nilikuwa nimerudi kuchukua dumu, nikamkuta Rediet amekaa kwenye jiwe nje ya lango. Hajabisha.

"Nimepima," akaniambia hata kabla sijamsalimu. "Chuoni kuna mashine inayobonyeza chuma na kusema kina ugumu gani. Zile zilizovunjika zina sitini na tatu. Hii ya zamani ina hamsini na saba."

"Kwa hiyo za sasa ni ngumu zaidi."

"Ndiyo! Sote tulidhani zimeharibika kwa kuwa dhaifu. Si dhaifu. Zimezidi ugumu. Ona." Akatoa tupa mfukoni, akaipitisha kwenye ncha iliyovunjika. Ikateleza kama kwenye chupa. Akaipitisha kwenye ile ya zamani. Ikateleza pia, lakini mwisho ikakwaruza kidogo, ikatoa unga mdogo. "Chuma kikitoka majini kinakuwa kama kioo. Kigumu, lakini ukikigonga kinapasuka. Kitabu kinasema lazima ukipashe tena, moto mdogo tu, mia mbili na kitu, kikae muda, kitulie. Kinapoteza ugumu kidogo, kinapata uvumilivu. Nimekaa siku saba namsubiri Gashe afanye hivyo. Hafanyi. Anakitoa ndoo anatupa kwenye gunia. Nikasema labda ana njia yake. Lakini hii ya zamani imepashwa mara ya pili, baba. Mashine haidanganyi. Sasa nani aliipasha?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba gunia."

"Unalibeba kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka kwenye ndoo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka..." Nilikuwa nimelibeba lile gunia kila jioni mwaka mzima na nusu, hatua kumi na mbili, kutoka tanurini mpaka mlango wa jikoni. "Mpaka kwa Etete. Anazikausha. Chuma kikilala na maji usiku mmoja hapa, asubuhi kina kutu."

"Anazikausha kwa kitu gani? Kwa kitambaa?"

Nikafungua lango.

Jikoni kwa Etete Askale kulikuwa na moshi na harufu nzuri kupita kiasi kwa mtu aliyefunga. Ilikuwa Kwaresima, na huko hawali mpaka saa tisa imepita. Etete alikuwa anakaanga shayiri kwenye kikaango kikubwa cha udongo, bapa, kipana kama meza ndogo, kilichokuwa na ufa hivyo hakifai tena kwa injera, ule mkate wao mwembamba mpana. Ile shayiri aliipima kwa vikombe na kuiuza kituo cha basi.

"Ndiwe mwenye jicho?" alimwuliza Rediet bila kugeuka.

"Ndimi, Etete."

"Karibu. Humu ndani tuko wengi." Akachota shayiri ya moto kwa kiganja, akaipuliza, akaitoa.

Watu wengine wangesema wana tumbo. Wangesema wamefunga, au daktari amewakataza. Rediet alipokea kwa mikono miwili, akatafuna pale pale, mbele ya mke wa mhunzi, akimtazama machoni. Etete akamwangalia mpaka alipomeza. Kisha akamsogezea kigoda.

"Etete, vile vyuma," nikaanza.

"Ndiyo, vile vyuma! Tangu mhamie kwenye jumba lenu la mabati hamniletei hata kimoja. Nikasema, haya, wamepata umeme, wana mashine ya kukaushia. Miaka ishirini na sita nakausha vyuma vya mume wangu kama nepi, hakuna aliyekuja kuniambia sasa basi."

"Hakuna mashine," nikasema. "Dagnachew anazichukua pale pale bandani, bado mbichi."

"Ulikuwa unazikausha vipi?" Rediet akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama anayemnyemelea ndege.

"Nitazikausha vipi? Shayiri ikishaiva naitoa. Moto wa chini nauacha. Napanga vyuma juu ya kikaango, ncha zinatazama katikati. Nafunika kwa kawa. Nakwenda kutwanga kahawa. Nikirudi natazama rangi, naondoa kuni, naviacha vipoe vyenyewe mpaka asubuhi."

"Rangi? Rangi gani?"

"Rangi ya ncha. Zinaanza njano kama majani makavu, zinakuja za asali, halafu kama chai. Hapo naondoa kuni. Usingoje zaidi, zitakuwa zambarau, halafu bluu. Siku zangu za kwanza za ndoa niliziacha zikawa bluu, nzuri kweli, kama shingo ya njiwa. Mama mkwe akanipiga na mwiko. Wachonga mawe walizirudisha zote, zinajikunja."

"Alikuambia kwa nini?"

"Mama mkwe wangu? Aliniambia 'isiwe bluu.' Mtu aliyekuzidi akikwambia isiwe bluu, haiwi bluu."

Rediet alikuwa ameshatoa daftari lakini haandiki. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepoteza ufunguo akaukuta mkononi mwake. "Etete, unaweza kunikaushia tano? Leo?"

*

Nilikwenda bandani mbio. Wondirad alikuwa amekaa kwenye kopo la rangi, tanuri limezimwa. Nikamwambia mkewe anataka tindo tano zilizotoka ndooni, asiulize kwa nini. Akanyoosha kidole kwenye gunia.

"Mpe zote. Azitie kwenye supu."

Jikoni, Rediet akasugua ncha zile kwa msasa mpaka zikang'aa, tuone vizuri. Akaupitisha ule waya wake chini ya kawa. Etete akatoa shayiri, akapanga vyuma, ncha katikati, akafunika. Kisha tukakaa tukitazama kawa, watu watatu wazima. Kila mara Rediet aliinua ukingo kidogo.

Mwanzoni hakuna kitu. Kijivu tu. Kisanduku kinasema mia moja na tisini. Mia mbili na tano. Halafu kwenye ncha ya tindo ya pili kukapita kitu kama kivuli cha njano, hafifu, huwezi kuapa umekiona. Kikakolea. Kikawa rangi ya majani ya shayiri baada ya mavuno. Mia mbili na ishirini na tano. Ikaja asali. Etete hakuwa akitazama kisanduku hata kidogo, alikuwa anapepeta makapi pembeni, lakini asali ilipoanza kuwa nyekundu nyekundu akasimama, akainua kawa, akatazama mara moja.

"Basi," akasema, akavuta kuni.

Kisanduku kilikuwa kinasema mia mbili na arobaini na nane.

"Kwenye kitabu," Rediet akasema, "kwa zana ya kugongea jiwe, wameandika mia mbili na hamsini."

"Wangeniuliza," Etete akasema. "Kunywa kahawa."

Asubuhi yake, Alhamisi, Etete alikwenda bandani mwenyewe, na tindo tano ndani ya kitambaa cha injera. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kusimama mbele ya fuawe. Kwao mwanamke hakanyagi pale chuma kinapofuliwa, wanasema chuma kinakataa. Alisimama kwenye kizingiti.

"Hizi zimekauka," akasema.

Wondirad akachukua moja. Akatoka mpaka kwenye jiwe la mlangoni, akapiga. Akapiga tena. Akalipiga jiwe lile mpaka likapasuka katikati, akageuza ncha juani. Ilikuwa nzima, ya rangi ya chai.

Rediet, aliyekuwa nje ya uzio kwa sababu alifukuzwa, akamweleza kutoka pale pale, kwa sauti kubwa, mbele ya fundi wa matairi na muuza mkaa waliokuja kusikiliza. Kuhusu sitini na tatu na hamsini na saba. Kuhusu moto wa pili. Wondirad alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo nusu ya kazi inafanyika jikoni," akasema mwisho.

"Si nusu, Gashe. Bila moto wako wa kwanza hakuna wa pili."

"Usinipake mafuta. Baba yangu aliniambia: moto, maji, halafu wape wanawake wakaushe. Hivyo tu. Nilidhani anaogopa kutu." Akamgeukia mkewe. "Wewe ulijua?"

"Nijue nini? Mimi nilikuwa nakausha." Halafu akaongeza, "Nilijua isiwe bluu."

Fundi wa matairi akaangua kicheko. Wondirad akamtazama, mwenye matairi akanyamaza na kushika tumbo, na Wondirad naye akacheka.

"Ingia," akamwambia Rediet. "Macho yako hayana kitu. Nilikukosea, na nimekukosea mbele ya huyu mzee mhamiaji, kwa hiyo nasema mbele yake. Kaa. Na wewe, Askale, ingia."

Etete akakitazama kizingiti kwa muda. Kisha akainua upande wa gauni lake kama anayevuka kijito, akaingia.

Siku ile tulifua tindo ishirini. Jioni punda alizibeba mpaka jikoni. Shayiri ya siku tatu ilikaangwa jioni moja, ili kikaango kipate moto wa kutosha. Ijumaa tulikwenda nazo kwenye machimbo, sote wanne.

Dagnachew alichagua tindo moja kutoka katikati ya gunia, akachagua na jiwe, lile jeusi lenye rangi ya samawati ndani. Akalipiga kuanzia saa tatu mpaka karibu saa sita. Alitoa mawe ya barabara sabini na moja, kila moja la mraba. Kila baada ya mawe kumi Rediet alitazama ncha na kuandika. Wondirad alikuwa amekaa mbali kidogo, mgongo kwetu, anaongea na farasi wa mtu.

Mwisho Dagnachew akapitisha kidole gumba kwenye ncha, akainusa.

"Hizi ndizo," akasema. "Hizi ndizo zinazonuka shayiri. Mbona hamkusema mnaziacha?"

*

Yaliyofuata ni haya, mengine niliyasikia baadaye kwa simu.

Kikundi cha Dagnachew kilibaki kwetu. Barabara ya sokoni iliisha siku mbili baada ya Hosana, na hakuna aliyelalamika. Miaka minne baadaye manispaa ilianza kuweka lami, kikundi kikavunjika, Dagnachew akaenda Awasa kuchonga mawe ya majumba. Yule kijana aliyekatwa chini ya jicho alipona, kovu likabaki.

Rediet aliandika kurasa hamsini na nane. Alitusomea zote bandani, siku mbili mfululizo. Ukurasa wa thelathini na saba ulikuwa wa Askale Mengistu peke yake, jina lake kamili, na mchoro wa kikaango. Walimu wake walimpa alama nzuri, si za juu kabisa. Mmoja wao alimwuliza kwa nini hakutumia tanuri la maabara. Sasa anafanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, ameolewa, ana watoto wawili.

Wondirad alijenga jiko la pili ndani ya banda na kununua kikaango kipya cha udongo. Etete alikuwa anakuja kila jioni, akitazama rangi, akivuta kuni. Biashara ya shayiri aliiacha kwa dada yake. Wondirad alijaribu mara mbili kusoma rangi mwenyewe, mara zote mbili tindo zikawa bluu. Alifariki mwaka wa saba baada ya hapo, kwa kifua. Banda lina fundi wa madirisha ya alumini.

Etete yuko hai. Anakaa na binti yake Addis Ababa, kwenye nyumba ya ghorofa isiyoruhusu kuni.

Mwenye farasi alinunua bajaji. Mimi niliondoka Debre Birhan kabla ya mvua za mwaka ule ule, nikiwa juu ya lori la ngano, kuelekea kusini.